Bonde la Isaka ni Bonde Gani?

Leo tufungue Biblia pamoja na itifaki, kitabu kile kipangacho maneno ya Biblia kwa alfabeti na kuonyesha kila mstari neno lilimo. Tutafuata neno "bonde", tukianzia Mwanzo 26:19, ambapo watumishi wa Isaka walichimba katika bonde la Gerari wakapata maji.

Wengi wetu tukisikia bonde twawaza majani mabichi. Mbona basi wachimbe, tena wachungaji wa Gerari wawagombanie kisima hicho?

Itifaki ya Kiswahili yatupa orodha: bonde la Gerari, bonde la uvuli wa mauti katika Zaburi 23, bonde la Yehoshafati katika Yoeli 3, na mengine mengi. Hapa ndipo msomaji hupotea, akidhani yote ni neno moja. Tuchukue sasa itifaki ya Kiingereza ya James Strong, iliyotolewa mwaka 1890, ambayo huweka namba kando ya kila mstari. Zaburi ina 1516, Yoeli ina 6010, Gerari ina 5158. Namba zikitofautiana, maneno ya Kiebrania ni mbalimbali.

Tushike 5158, yaani "nahali". Nyuma ya kitabu, chini ya namba hiyo, yameorodheshwa maneno ya Kiingereza yaliyotumika kuitafsiri: bonde, kijito, mto, na mengineyo. Turudi kwa kila moja la hayo, tukiandika mistari yenye 5158 peke yake. Ni kazi ya jioni kadhaa, maana yapita mia. Lakini yaliyotenganishwa na tafsiri hukutana tena. Kijito Kerithi kilichomkaukia Eliya, 1 Wafalme 17:7, ni neno lile lile. Na lile bonde la 2 Wafalme 3:17, lililojaa maji bila mtu kuona upepo wala mvua, ni lilo hilo.

Ndugu zetu wa Lodwar na Kakuma wamekwisha kuelewa: hiyo ni laga! Kawalase hapo Lodwar, na Tarach hapo Kakuma, huwa mchanga mtupu siku nyingi. Mvua ikinyesha mbali huko juu, maji hushuka ghafula na huku mbingu ni nyeupe. Wakati wa kiangazi watu huchimba mchangani humo wapate kunywesha mbuzi. Ndivyo walivyofanya watumishi wa Isaka, na kisima cha namna hiyo hugombaniwa.

Lakini namba haimalizi kazi. Katika Ezekieli 47:5 neno hilo hilo ni mto wa maji yasiyovukika, kwa hiyo kila mstari usomwe pamoja na jirani zake.

Ayubu naye, 6:15, awafananisha rafiki zake na nahali: misafara yaigeukia ikitumaini maji, yakuta pakavu. Kisha tazama Amosi 5:24. Nabii ataka haki iwe kama nahali, ila aongeza neno moja la Kiebrania: isiyokauka.