Picha ya Kopo la Rangi Ioneshe na Ubavu

Fundi yuko dukani, mwenye nyumba yuko kazini. Simu inalia, picha imeingia WhatsApp, na chini yake maneno machache: "Mama, hii ndiyo nzuri, nitumie hela." Pichani kuna kopo la lita 4, jina la kiwanda, sebule inayopendeza, na maandishi makubwa "Vinyl Silk Emulsion". Mama huyu ana chumba kipya kilichopigwa lipu, na ana dakika chache za kuamua.

Maneno hayo si pambo. "Emulsion" ni rangi ya maji, ya ukuta na dari. "Silk" ndiyo inayotaja mng'ao: rangi ikikauka hung'aa kidogo na huvumilia kufutwa kwa kitambaa kibichi, jambo linalofaa kwenye korido na vyumba vya watoto. Lakini mng'ao huo huo huanika kila bonde na kila alama ya mwiko, hasa mwanga wa dirisha ukipita ubavuni mwa ukuta. Kama lipu haikusawazishwa vizuri, kopo lililoandikwa "Matt" litamsitiri zaidi, ingawa rangi isiyong'aa kwa kawaida huchakaa upesi ikisuguliwa. "Gloss", inayong'aa kama kioo, mara nyingi ni rangi ya mafuta, na kazi yake hasa ni milango, fremu na vyuma vya madirisha.

Mengine yote yako ubavuni, kwa herufi ndogo ambazo fundi hakuzipiga picha. Mama anapaswa kuomba picha ya pili, kamera ikisogezwa karibu na kopo likigeuzwa lisimulikwe na taa moja kwa moja.

Cha kwanza kutafuta hapo ni mstari wa kuzimulia. Ukisema maji, ni rangi ya maji. Ukitaja "white spirit", yaani tapentaini ya madukani, ni rangi ya mafuta, hata kama sehemu ya mbele ya kopo haikuonekana. Kwa chumba cha lipu mpya mstari huu una uzito mkubwa. Saruji changa ina magadi, na magadi yakikutana na mafuta ya rangi yakiwa na unyevu huyageuza sabuni. Rangi hubaki ikinata, kisha hubanduka. Ndiyo maana lebo nyingi hudai ukuta uwe mkavu, na mafundi makini huiacha lipu wiki nne au zaidi kabla ya kuipaka. Hapo hapo hutazamwa kama rangi ni ya ndani tu, "interior", au inastahimili pia jua na mvua. Ya ndani ikipakwa nje hupauka na kuchakaa mapema.

Kisha kuna namba inayowaponza wengi. Tuseme ubavu unasema 10–12 m²/L. Maana yake ni kwamba lita moja hufunika meta za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, tena kwenye ukuta laini usionyonya. Chumba cha mama huyu kina meta 4 kwa 3, na kimo cha meta 2.7. Kuta nne zinafika karibu meta za mraba 38. Zikitolewa za mlango na dirisha, zinabaki 34.

Anayegawa 34 kwa 12 anapata chini ya lita 3, na anaona kopo moja latosha. Hesabu hiyo ni ya mkono mmoja, nao ukuta unahitaji miwili. Tena lipu mpya hunywa rangi, kwa hiyo mkono wa kwanza ni busara kuukadiria kwa meta za mraba 8 kwa lita: hizo ni lita 4 na robo. Mkono wa pili, kwa meta za mraba 10, ni lita 3 na nusu hivi. Jumla inakaribia lita 8, sawa na makopo mawili. Lipu ikiwa ya kukwaruza, hata hayo hayatatosha.

Fundi naye anaweza kutaja ndoo ya lita 20, na pengine anawaza nyumba nzima. Aulizwe ni kuta zipi, na mikono mingapi.

Makopo yanunuliwe kwa siku moja, na kila moja lipigwe picha ya mfuniko au sehemu yoyote yenye namba ya toleo, ile inayofuata neno "Batch". Rangi ya jina moja kutoka matoleo mawili inaweza kupishana kidogo, na ukutani tofauti hiyo huonekana. Kama namba hazifanani, mwambie fundi ayachanganye yote kwenye ndoo moja kubwa kabla ya kuchovya brashi.