Volti Zinapopotea Njiani: Somo la Umeme kwa Mfano wa Bomba la Maji



Mkazi wa Shinyanga, Kahama au Geita anapolalamikia umeme, mara nyingi hulalamika hivi: umeme upo, lakini hauna nguvu. Taa hufifia mara jiko linapowashwa, pampu ya kutolea maji katika duara la mchimbaji hunguruma bila kuzunguka, na uniti za LUKU huisha mapema. Fundi huitwa, akachomeka kipimo chake kwenye soketi, akasoma volti 230, akasema umeme ni mzima. Mwenye nyumba huona amedanganywa, na fundi huona anasumbuliwa bure. Kwa kweli wote wawili wanasema kweli, na ili tuone jinsi gani, naomba kwanza tuzungumze juu ya maji.

Maji yanywewayo Shinyanga na Kahama hutoka Ziwa Viktoria. Huvutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yakasafishwa, kisha yakasukumwa hadi kwenye tangi lililo juu ya kilima cha Mabale. Kutoka hapo huteremka yenyewe kwa mabomba, bila pampu, kwa kuwa tangi liko juu na mji uko chini. Kila mita 10 za kimo huyapa maji msukumo wa takriban baa moja, hata kama bomba limefungwa na hakuna tone linalotoka. Msukumo huo wa maji yaliyotulia, yakingoja kufunguliwa, ndio mfano wa volteji, ambayo tunaipima kwa volti.

Ukifungua bomba, maji hutembea. Ndoo ikijaa kwa nusu dakika, mtiririko ni mkubwa kuliko ikijaa kwa dakika tatu. Katika umeme mtiririko huo huitwa mkondo, nao hupimwa kwa ampea. Kitu cha tatu ni ugumu wa njia. Maji yapitayo katika bomba refu na jembamba husuguana na kuta zake, nayo hutoka kwa shida kuliko yapitayo katika bomba fupi na pana. Ugumu wa njia ya umeme huitwa ukinzani, na kipimo chake ni omu. Waya ukirefushwa mara mbili, ukinzani wake huwa mara mbili. Unene wa shaba yake ukiongezwa mara mbili, ukinzani hupungua kwa nusu.

Vitu hivi vitatu vimefungwa pamoja na kanuni moja fupi, ambayo wanafunzi huisoma sekondari:

V = I × R

Yaani volti ni ampea mara omu. Mkondo huongezeka volti zikiongezeka, na hupungua ukinzani ukiongezeka. Hapa mfano wa maji una mpaka wake: msukumo wa maji ukiongezwa mara mbili, mtiririko katika bomba la kawaida hauongezeki mara mbili kamili, bali chini ya hapo. Umeme katika waya ni mtiifu zaidi. Tofauti nyingine ni kwamba maji humwagika bomba likikatwa, lakini waya ukikatwa mkondo husimama, kwa sababu umeme lazima uende na urudi. Njia hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo saketi. Tuikumbuke, maana itatufaa katika hesabu.

Tuchukue mfano wa mama lishe aliye karibu na makarasha ya Nyarugusu, mkoani Geita. Mita ya LUKU iko kwenye nyumba ya mwenye eneo, na banda lake la chakula liko umbali wa mita 100. Ananunua jiko la umeme lenye mafiga mawili, la wati 2,300. Jiko hilo, likipata volti 230 kamili, huchukua ampea 10, kwa hiyo ukinzani wake ni omu 23. Ili kupunguza gharama, ananunua waya ule ambao madukani huitwa waya wa moja nukta tano, yaani wenye shaba ya milimita za mraba 1.5.

Umbali ni mita 100, lakini umeme huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, hivyo njia nzima ni mita 200. Waya wa shaba wa unene huo una ukinzani wa omu 0.0115 kwa kila mita. Kwa mita 200 tunapata omu 2.3. Ukiongeza omu 23 za jiko, saketi nzima ina omu 25.3. Gawanya volti 230 kwa 25.3, utapata mkondo wa ampea 9.1 hivi.

Sasa tuone msukumo umetumika wapi. Ampea 9.1 mara omu 2.3 za waya ni takriban volti 21. Hizo zimeishia njiani, kama msukumo wa maji unavyoishia katika kusuguana na kuta za bomba. Jiko limebakiwa na volti 209. Badala ya wati 2,300 linatoa wati 1,900 hivi, na waya wenyewe unageuza wati 190 kuwa joto kwenye njia yote ya mita 100. Sufuria ya maharage iliyokuwa iive kwa saa tano sasa itahitaji karibu saa sita. Zaidi ya hayo, mita iko mwanzoni mwa waya, basi huhesabu vyote viwili. Katika kila uniti 11 zinazopita kwenye mita, moja inapasha joto waya, wala haifiki jikoni.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna kifaa cha ulinzi kitakachomwonya mama huyu. Breka hukata mkondo unapozidi kiwango chake, na hapa mkondo umepungua. Kwa upande wa breka, mambo ni shwari kabisa.

Fundi akija wakati jiko limezimwa, anapima soketi ya bandani na kusoma volti 230. Kwa nini? Kwa sababu mkondo ni sifuri, na sifuri mara omu 2.3 ni sifuri. Hakuna kinachotembea, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Ni sawa na kufunga kipimo cha msukumo kwenye bomba la uani huku koki zote zimefungwa: kitasoma msukumo mzuri hata kama bomba la nje ni jembamba kama mrija. Fungua koki, na sindano ya kipimo itashuka. Kipimo cha volti kisicho na mzigo kinatuambia tu kwamba njia haijakatika. Hakituambii kama njia inatosha.

Basi kipimo chenye maana huchukuliwa jiko likiwa limewashwa, tena mahali pawili: kwenye ubao wa mita na mwisho wa waya. Kwenye mita pakibaki 230 na bandani pakisomeka 209, volti zinapotea ndani ya waya wa mtumiaji mwenyewe, na kumlalamikia mgawaji hakutaleta nafuu. Dawa ni waya mnene zaidi. Ule wa milimita za mraba 4 kwa njia hiyohiyo una omu 0.86, nao ungepoteza volti 8 tu. Lakini kama volti zimeshuka tayari kwenye mita, hasa jioni au makarasha yanapowashwa, tatizo liko upande wa laini au transfoma. Hapo mtumiaji ana haki ya kulalamika TANESCO, na asiporidhika kuleta lalamiko lake EWURA. Lalamiko lenye tarehe, saa, na volti zilizosomwa mita ikiwa na mzigo na ikiwa haina, hushughulikiwa kwa urahisi kuliko lile lisemalo umeme ni mdogo.

Kwa wachimbaji habari ni nzito zaidi, kwa kuwa mota haifanani na jiko. Jiko likipata volti chache hupoa tu. Mota inayoendesha pampu, inapoanza kuzunguka, huvuta mkondo wa mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Pampu ya ampea 10 kwa sekunde hizo chache hudai karibu ampea 60. Ukiiunganisha kwa waya uleule wa mita 100, volti huanguka hadi kwenye 150 hivi, na nguvu ya kuzungusha hupungua kuliko volti zenyewe, ikabaki chini ya nusu. Mota hunguruma na haiondoki. Mkondo mkubwa unaendelea kupita bila mota kuzunguka wala kujipoza, koili hupata joto, na vanishi inayozikinga huungua. Ukisikia mngurumo huo, zima mara moja, wala usijaribu mara ya pili na ya tatu. Mota nyingi za makarasha ni za fezi tatu, ambazo hesabu zake hutofautiana kidogo na hizi, lakini kisa ni kilekile.

Limebaki suala la viungio, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Katika waya wa mama lishe, wati 190 zimetawanyika kwenye mita 200 za shaba, kwa hiyo ukiugusa kwa nje husikii zaidi ya uvuguvugu. Sasa fikiri kwamba waya ulipungua, ukaungwa kwa kusokotwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe. Kiungio hicho kikilegea na kupata kutu, kinaweza kuwa na ukinzani wa nusu omu peke yake. Nusu omu ni kidogo, na jiko litawaka kama jana. Lakini ampea 9 zikipita hapo huzaa wati 40 za joto, zote mahali penye ukubwa wa ncha ya kidole, pengine chini ya paa la turubai. Joto huzidisha kutu, kutu huzidisha ukinzani, na breka bado haioni kosa.

Dalili zake zinaonekana bila kipimo: utepe uliolainika au kubadilika rangi, harufu ya plastiki inayoungua, soketi iliyopiga weusi kuzunguka tundu moja, taa inayochezacheza mtu akiutikisa waya. Ukiona mojawapo, zima swichi kuu na usiguse kiungio. Kazi ya kukikata na kukifunga upya kwa kiunganishi cha skrubu ndani ya boksi, pamoja na ile ya kupima volti mzigo ukiwa umewashwa, ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na mtumiaji anayo haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla kazi haijaanza.