Kutoka Umahiri hadi Mada: Jinsi ya Kuusoma Muhtasari

(Mazungumzo kwa walimu wa Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara)



Mwalimu aliyezoea muhtasari wa mwaka 2005 alikuta safu ya kwanza ikimtajia mada na ya pili mada ndogo. Kazi yake ilikuwa kuzigawa mada hizo katika azimio la kazi. Mihtasari iliyotolewa baada ya mtaala kuboreshwa mwaka 2023 huanza mahali pengine. Huanza na umahiri mkuu, hufuata umahiri mahususi, kisha shughuli za ujifunzaji. Mada haikufutwa, bali imefichwa ndani ya sentensi, na asiyeitafuta hufundisha maneno matupu.

Hatari yake si ndogo. Katika shule iliyo mbali na Tarime mjini au Mugumu, ambako somo huwa na mwalimu mmoja tu, hakuna wa kumuuliza. Akiikosa mada moja, darasa zima huikosa, na pengo hilo hugunduliwa katika chumba cha mtihani.

Uchukuliwe mfano wa sekondari. Tuseme umahiri unamtaka mwanafunzi aweze kutumia ramani kutafsiri sura ya nchi. Hatua ya kwanza ni kutenganisha kitenzi na jina. Kitenzi "kutafsiri" hakitaji mada; kinataja kina cha kufundisha. Kwa hiyo kukariri maana ya kontua hakutoshi, ni lazima mwanafunzi aisome kontua na kusema ardhi ikoje. Majina "ramani" na "sura ya nchi" ndiyo yanayobeba mada.

Hatua ya pili ni kuuliza swali moja mara nyingi: ni lazima ajue nini kabla ya hili? Ili atafsiri sura ya nchi, ni lazima asome kontua na kukokotoa mteremko. Ili akokotoe mteremko, ni lazima apime umbali. Ili apime umbali, ni lazima aelewe skeli. Mwalimu huuliza hivyo mpaka afike kwenye jambo ambalo darasa lake linalijua tayari. Kisha huigeuza orodha, akianza na skeli na kumalizia na sura ya nchi. Mpangilio wa kufundisha umepatikana.

Hatua ya tatu ni kusoma safu ya vigezo vya upimaji na idadi ya vipindi. Kigezo mara nyingi hutaja jambo ambalo shughuli haikulitaja, nalo huongezwa. Vipindi huonyesha uzito: mambo kumi hayawezi kupewa kina kimoja katika vipindi vichache.

Kila kipengele cha orodha hakina budi kupimwa kwa swali. "Kuelewa ramani" hakifai, kwa sababu hakuna swali moja linalokitosheleza. "Kukokotoa mteremko" kinafaa. Kwa ramani ya skeli ya 1:50,000, sentimita 1 ni nusu kilomita. Sehemu mbili zikiwa mbali kwa sentimita 8, umbali ni kilomita 4, yaani mita 4,000. Kontua zikionyesha tofauti ya mwinuko wa mita 200, mteremko ni 1 kwa 20. Mwanafunzi akikosea, mwalimu hujua papo hapo kama kosa liko kwenye skeli, kwenye kontua au kwenye kugawanya. Hiyo ndiyo faida ya orodha iliyokatwa vizuri.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kunakili vichwa vya sura za kitabu na kuviita orodha. Kitabu kinaweza kuzidi muhtasari au kuupungukia. La pili ni kuishia kwenye orodha yenyewe. Mwanafunzi anaweza kuweka alama ya vema kwenye kila kipengele na bado asiwe na umahiri, kwa kuwa umahiri ni kuviunganisha.

Kwa hiyo basi, mstari wa mwisho wa orodha uwe kazi moja inayovidai vyote. Apewe ramani ya bonde la Mto Mara, unaotoka Kenya, kupita kati ya wilaya hizi mbili na kuingia Ziwa Victoria upande wa magharibi. Aonyeshe kwamba ncha za kontua zinazoukata mto huelekea unakotoka maji, kisha apendekeze barabara ipite wapi na atoe sababu.

Walimu wawili, mmoja wa Tarime na mwenzake wa Serengeti, wanaweza kuuchambua umahiri mmoja kila mtu peke yake, kisha wakabadilishana karatasi. Mahali orodha zitakapotofautiana, hapo ndipo muhtasari unapohitaji kusomwa tena, kabla mwanafunzi hajalipia tofauti hiyo.