Tamko la Mgongano wa Maslahi katika Ununuzi wa Umma

Nchini Tanzania, mjumbe wa kamati ya tathmini ya zabuni husaini tamko kwamba hana mgongano wa maslahi na mzabuni yeyote. Mgongano huo si lazima uwe rushwa. Unatosha uhusiano unaoweza kuegemeza uamuzi: hisa, deni, ndoa au undugu.

Mfano ni halmashauri inayonunua madawati. Zabuni zinafunguliwa, majina ya wazabuni yanajulikana. Mjumbe mmoja anagundua kwamba kampuni mojawapo ni ya shemeji yake. Hapo hajakosa lolote. Kosa huanza akinyamaza.

Anachopaswa kufanya ni kutamka mapema na kukaa pembeni. Anaandika jina la kampuni, uhusiano wake nayo na tarehe. Anawasilisha tamko kabla tathmini haijaanza. Kisha anatoka, na mwingine anateuliwa badala yake. Kutamka huku akiendelea kutoa alama hakutoshi.

Fomu kusainiwa kabla ya wazabuni kujulikana haimalizi kazi. Uhusiano ukibainika baadaye, tamko hutolewa upya mara moja.

Mtumishi mwenye shaka atamke. Uzito wa shaka hiyo utapimwa. Mwananchi anayejua uhusiano uliofichwa atoe taarifa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, au kwa TAKUKURU.

Kwa kila mtumishi anayeshiriki ununuzi, kanuni ni moja: kutamka mapema, na kukaa pembeni.