Kusoma Takwimu za Tangazo la Video: Mfano wa Kambi ya Watalii Mugumu

Tangazo la video linaloweza kurukwa kwenye YouTube humlazimisha mtazamaji kungoja sekunde 5, kisha humwachia uamuzi. Tangazo lenye sekunde 30 au zaidi huhesabiwa kuwa limetazamwa anapofika sekunde ya 30. Likiwa fupi kuliko hapo, anapofika mwisho. Mtu akilibofya mapema, nalo huhesabiwa. Kiwango cha utazamaji ni idadi hiyo ikigawanywa kwa mara zote tangazo lilizoonyeshwa. Facebook ina kipimo chake, ThruPlay, kinachohesabu sekunde 15, au video nzima ikiwa fupi zaidi. Kwa hiyo asilimia 20 ya YouTube na asilimia 20 ya Facebook hazilinganishwi.

Chukulia kambi ya mahema iliyoko Mugumu, Wilaya ya Serengeti, yenye tangazo la sekunde 40. Sekunde 7 za kwanza ni nembo na mji ukionekana kutoka juu. Linafuata lango la hifadhi, kisha mahema na vitanda kuanzia sekunde ya 10, nyumbu wakivuka Mto Mara kuanzia ya 20, na namba ya simu kuanzia ya 30. Takwimu zifuatazo ni za kufundishia. Tangazo limeonyeshwa mara 10,000. Walioendelea kutazama ni 9,000 kwenye sekunde ya 5, 4,500 kwenye ya 7, 4,000 kwenye ya 10, 2,600 kwenye ya 20, 2,000 kwenye ya 30 na 1,800 mwishoni. Kiwango cha utazamaji ni 2,000 ÷ 10,000, yaani asilimia 20, ikichukuliwa kuwa hakuna aliyebofya mapema.

Wastani wa muda wa kutazama hupatikana kwa kujumlisha sekunde zote zilizotazamwa na kugawanya kwa 10,000. Hapa ni takriban sekunde 15. Mwenye kambi anaweza kudhani kwamba mtazamaji wa kawaida huchoka akiwa kwenye mahema, lakini walioondokea hapo ni wachache kati ya wote. Watu 6,000 walioondoka kabla ya sekunde ya 10 walitazama wastani wa sekunde 5.6. Wale 4,000 waliobaki walitazama sekunde 28.8. Wastani umechanganya makundi mawili yasiyofanana, na hiki ndicho kipimo kinachopotosha kwa urahisi zaidi kikisomwa peke yake.

Ukweli uko mahali watazamaji wanapoondokea. Ripoti ya Google Ads hugawa video katika robo nne, na robo ya kwanza ya tangazo hili inaishia sekunde ya 10. Itaonyesha asilimia 40 waliobaki bila kueleza kwamba anguko kubwa lilitokea kati ya sekunde ya 5 na ya 7. Ili kuliona, hufunguliwa mchoro wa utazamaji katika YouTube Studio, ukichujwa kubakiza watazamaji waliotokana na matangazo tu. Anguko la pili, la watu 1,400, liko kwenye mahema. Ukilinganisha na waliokuwapo wakati huo, ni asilimia 35, si 14. Nyumbu, ambao ndio sababu ya safari, wanatokea wakati watu 7,400 wameshaondoka.

Kabla ya kulaumu picha, mtandao uangaliwe. Watu wakiondoka kwenye sekunde ileile, wawe Dar es Salaam au Mwanza, tatizo ni video. Mchoro ukishuka polepole bila hatua inayoonekana, na eneo moja tu likishuka hivyo, huenda video inakwama au bando linaisha. Sirari, wilayani Tarime, ina mtego wake: simu iliyo karibu na mpaka inaweza kushika mtandao wa Kenya, na mtazamaji akahesabiwa upande mwingine.

Marekebisho yanayofuata ni kuwaleta nyumbu kwenye sekunde ya kwanza, jina la kambi likiandikwa juu ya picha hiyo kabla ya sekunde ya 5, na mahema kupunguzwa hadi sekunde 4. Toleo la zamani na jipya huonyeshwa kwa wakati mmoja kwa walengwa walewale. Kulinganisha Februari na Agosti hakufai, kwa kuwa nyumbu huvuka mto huo kwa kawaida kati ya Julai na Oktoba, na hamu ya watu hubadilika.

Kiwango cha utazamaji kinaweza kupanda bila wageni kuongezeka, maana nyumbu hutazamwa hata na asiyenuia kusafiri. Hivyo ujumbe wa WhatsApp na maulizo ya bei huhesabiwa kando kwa kila toleo. Tena, mivuko mashuhuri iko Kogatende, kaskazini mwa hifadhi, wala si mlangoni mwa kambi ya Mugumu. Tangazo lisiposema kwamba mgeni atasafiri kwa gari hadi huko, maulizo yatakuwa mengi na watakaolipa wachache, na si kiwango cha utazamaji, wala wastani wa muda, wala mahali pa kuondokea kitakachoonyesha hivyo.