Barua ya kuomba mshahara wa mbele

Msikilizaji, simu imeingia asubuhi: mama yako amelazwa Bukoba, anasubiri upasuaji, nawe uko kazini Dar es Salaam. Nauli ya ndege, kwenda na kurudi, tuseme ni shilingi 640,000. Mfukoni hazipo.

Barua kwa mwajiri isizidi ukurasa mmoja. Wengi hujaza habari za ugonjwa na kusahau hesabu, wakati mhasibu anachotafuta ni hesabu. Kichwa kiseme: “YAH: MAOMBI YA MSHAHARA WA MBELE, SHILINGI 640,000.” Kisha andika hivi: “Naomba kiasi hicho kwa ajili ya tiketi ya ndege, ili niwe na mama yangu anayesubiri upasuaji. Nakubali nikatwe shilingi 160,000 kila mwezi kwa miezi minne, kuanzia mshahara wa mwezi ujao.”

Neno “nakubali” ndilo lenye uzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inataka deni likatwe kwenye mshahara kwa ridhaa yako ya maandishi. Basi weka sahihi na tarehe, ubaki na nakala. Ndiyo utakayoilinganisha na hati ya mshahara makato yakigoma kuisha mwezi wa tano.

Ambatisha makadirio ya nauli kutoka kwa wakala, na utaje yanaisha lini, maana bei ya ndege hupanda hata kwa saa. Ruhusa ya kusafiri iombe kwa barua yake.