Kompyuta Haijautupa Wasifu Wako

Makamanda, kuna takwimu inazunguka kwenye magrupu yetu: eti kompyuta inatupa asilimia 75 ya wasifu kabla mtu hajausoma. Ukiifuatilia unaishia kwa kampuni ya Marekani, Preptel, iliyokuwa inauza huduma ya kurekebisha wasifu. Biashara, jamani.

Chukueni nafasi moja ya mhasibu, waombaji 400. Wanaoondolewa papo hapo ni wale waliojibu "hapana" kwenye swali kama "Una CPA?" Swali hilo kaliweka mwajiri, si mashine. Tuseme wamebaki 250. Mfumo unawapanga kwa kulinganisha wasifu na tangazo. Aliyeandika "usuluhishi wa hesabu za benki", kama tangazo lilivyosema, anapanda juu ya aliyeandika "kazi za fedha". Afisa ajira anafungua kuanzia juu, anasoma mwenyewe, akipata 10 wa kuwaita anaacha. Wewe wa 180 hujakataliwa na mtu wala mashine. Hujafunguliwa tu.

Kwa hiyo tusigombane na kompyuta. Tumuulize mwajiri, hasa wa umma anayelipwa kwa kodi zetu: nani aliweka sharti la uzoefu wa miaka 5 kwa kazi ya kuanzia?